Kubadili START kuwa ANZA ndani ya picha ya pikseli bila ukungu kwenye kingo

*Swali: Ninatafsiri kwa Kiswahili gemu ndogo ya rafiki yangu. Vitufe vya START na OPTIONS vimechorwa ndani ya picha yenyewe, kila kimoja pikseli 56 kwa 16, rangi sita tu. Nilifungua picha kwa GIMP, nikafuta START, nikaandika ANZA kwa zana ya maandishi. Herufi zimetoka na ukungu pembeni, na tukiiweka kwenye gemu hata rangi za kitufe zinabadilika. Nimeambatisha picha zote mbili, ya zamani na yangu. Nakosea wapi?*

Una matatizo mawili yenye vyanzo tofauti, japo yalikuja pamoja. Ukungu umeletwa na zana ya maandishi. Rangi kubadilika kumeletwa na jinsi ulivyoihifadhi picha. Nitaanza na ukungu.

Unapoandika kwa fonti ya kawaida, programu haichori herufi kwa rangi nyeupe peke yake. Pikseli ambayo ukingo wa herufi unaipitia katikati hupewa rangi iliyo kati ya nyeupe na ile ya nyuma yake, ili jicho lione mviringo laini. Kwenye barua au tovuti hilo ni jambo jema. Kwenye herufi yenye urefu wa pikseli saba, karibu kila pikseli ni ukingo, kwa hiyo karibu herufi nzima inageuka rangi za katikati.

Tazama kitufe chako. Uso wake ni bluu yenye thamani 48, 96, 200, herufi ni nyeupe 255, 255, 255, na juu kuna mng'ao wa bluu hafifu 120, 168, 240. Pikseli iliyofunikwa nusu na herufi inapata 152, 176, 228. Rangi hiyo haimo kwenye paleti yenu. Picha inaporudishwa kwenye rangi sita, programu inatafuta rangi ya paleti iliyo karibu zaidi nayo, na iliyo karibu ni ile bluu hafifu ya mng'ao. Hata pikseli iliyofunikwa robo tu inaangukia hapo hapo. Ndiyo maana ANZA yako imezungukwa na utando wa bluu hafifu na herufi zinaonekana nene kuliko za OPTIONS. Ukungu wenyewe ulikuwa umeshaondoka kabla picha haijafika kwenye gemu. Unachokiona sasa ni mabaki yake yaliyolazimishwa kuingia kwenye rangi sita.

Kwa hiyo kupunguza rangi baada ya kuandika hakuwezi kukuokoa, na hapa ndipo wengi wanapopoteza jioni nzima wakibadilisha mipangilio. Rangi ya kati ikishazaliwa, hakuna programu inayoweza kujua kama ulitaka iwe herufi au iwe uso wa kitufe. Dawa ni kuizuia isizaliwe.

Sasa rangi za kitufe. Faili la aina hii halihifadhi rangi kwenye kila pikseli. Linahifadhi namba, na pembeni kuna paleti inayosema namba hiyo ni rangi gani. Kwenye picha yako ya zamani, 0 ni uwazi, 1 ni bluu nzito ya fremu, 2 ni bluu ya uso, 3 ni mng'ao, 4 ni nyeupe ya herufi na 5 ni kivuli cha herufi. Gemu ya rafiki yako bila shaka inatumia namba hizo moja kwa moja: mchezaji akikiteua kitufe, namba 2 na 3 zinapewa rangi nyingine bila kuhitaji picha ya pili. Ulipoirudisha picha kwenye rangi chache na kuiacha GIMP itumie `Generate optimum palette`, iliunda paleti mpya kwa mpangilio wake. Rangi ni zilezile kwa macho, lakini nyeupe sasa si namba 4 tena. Gemu inaomba namba 2 ikitarajia uso, inapewa kitu kingine.

Anza upya kutoka kwenye faili la zamani ambalo halijaguswa. Usijaribu kuisafisha ile uliyoihariri. Na kama rafiki yako alikutumia kwa programu ya ujumbe kama picha ya kawaida, mwombe aitume tena kama faili, kwa sababu programu hizo huigeuza picha kuwa JPEG, na JPEG huweka vivuli vya uongo kuzunguka kila ukingo mkali. Kama una ImageMagick, hakikisha kwa amri hii kwamba unachoanza nacho ni safi:

```
magick identify -format "%k\n" start.png
```

Jibu linatakiwa kuwa 6. Ukipata 40 au 300, faili limeshaharibika kabla hata hujaligusa.

Kwa kazi yenyewe ningekushauri uhamie LibreSprite, ambayo ni ya bure, au Aseprite kama unaweza kuinunua. Zote mbili zina asili moja na menyu zake zinafanana sana. GIMP inaweza kuifanya kazi hii, lakini inakutaka ukumbuke vitu vingi kwa wakati mmoja: penseli badala ya brashi, `Antialiasing` izimwe kwenye kila zana ya kuchagua, `Threshold` iwe sifuri, na namba za paleti zinaweza kusogea wakati wa kuhifadhi picha yenye uwazi. LibreSprite inafungua picha ya paleti ikiwa vilevile na inabaki humo. Thibitisha kwamba `Sprite > Color Mode` inaonyesha `Indexed`, na usiibadilishe mpaka umalize. Ukiwa kwenye hali hiyo, penseli haiwezi kuzaa rangi ya saba hata ukikosea, kwa sababu unachoweka kwenye turubai ni namba.

Kufuta START ndiyo hatua inayodharauliwa. Ungejaza bluu tu pale herufi zilipokuwa, ungeacha alama, kwa sababu uso wa kitufe si bluu tupu. Ukikuza mpaka asilimia 800 utaona mstari wa juu kabisa wa uso ni mng'ao mtupu, na mstari wa pili una pikseli za mng'ao na za bluu zikipishana moja moja. Herufi zinaanzia kwenye mstari huo wa pili, kwa hiyo zimeula mpishano.

Fremu ya kitufe ina unene wa pikseli tatu kila upande, hivyo uso una upana wa 50 na kimo cha 10. START ina herufi tano za upana wa pikseli tano, nafasi nne za pikseli moja moja, na kivuli kinachotokeza pikseli moja kulia: jumla 30. Kwa hiyo kushoto kwake kuna pikseli 10 safi ambazo hazijaguswa na herufi yoyote. Hizo ndizo dawa yako. Chagua kipande hicho cha 10 kwa 10, kinachoanzia pikseli ya 3 ukihesabu kutoka 0 upande wa kushoto, kinakili, kisha kibandike kikianzia 13, halafu 23, halafu 33. Mara tatu, na START imetoweka bila kuacha kovu.

Angalia kwamba kila ubandikaji umesogea kwa pikseli 10, ambayo ni namba shufwa. Mpishano wa pikseli moja moja unajirudia kila baada ya pikseli mbili, kwa hiyo ukisogeza kwa namba witiri, pikseli mbili za rangi moja zitakaa jirani kwenye maungio. Kosa hilo ni la pikseli moja tu lakini jicho linalikamata papo hapo, kwa sababu ndilo jambo pekee kwenye mstari huo lisilofuata utaratibu. Usitumie zana za kuponya au kunakili zenye brashi laini kwa hatua hii. Kazi yake ni kuchanganya rangi, na hapa hatutaki mchanganyiko wowote.

Sasa herufi. Huhitaji fonti. A iko tayari ndani ya START, na N iko ndani ya OPTIONS. Herufi za mchoraji wa kwanza zina uzito na kimo ambacho tayari kinapatana na kitufe, na kuziazima ni bora kuliko fonti yoyote utakayoipakua. Fungua picha ya zamani pembeni, chukua zana ya kuchagua kwa rangi, weka `Tolerance` kuwa 0 na uondoe alama kwenye `Contiguous`, bofya kwenye nyeupe. Utapata nyeupe zote bila kivuli. Nakili A na N tu, uzibandike kwenye leya mpya juu ya kitufe chako.

Inabaki Z, na hiyo utaichora kwa mkono. Mstari wake wa juu ni ule wa T, uuazime. Mstari wa chini ni huohuo tena. Kati yake kuna mistari mitano na safu tano, kwa hiyo mshazari unashuka pikseli moja kwa kila mstari bila kuruka wala kurudia:

```
.###.  #...#  #####  .###.
#...#  #...#  ....#  #...#
#...#  ##..#  ...#.  #...#
#####  #.#.#  ..#..  #####
#...#  #..##  .#...  #...#
#...#  #...#  #....  #...#
#...#  #...#  #####  #...#
```

Nimeachanisha herufi zaidi hapa ili usome vizuri. Kwenye kitufe nafasi ni pikseli moja. Ukiiangalia Z ikiwa imekuzwa utatamani kulainisha ngazi za mshazari kwa pikseli chache za bluu hafifu. Kabla ya kufanya hivyo irudie S ya mchoraji wa kwanza. Kama angekuwa analainisha, kona za S ndipo angeanzia. Hakuweka hata pikseli moja ya kati, kwa hiyo na wewe usiweke. Z iliyolainishwa kati ya A mbili kavu itaonekana kama imetoka kwenye gemu nyingine.

ANZA ina upana wa 23, na kivuli kinaifanya 24. Uso una 50, kwa hiyo zinabaki 26, yaani 13 kila upande. A ya kwanza inaanzia pikseli ya 16. Hesabu hii ifanye ukiwa umejumlisha kivuli. Ukikisahau, neno lote linaweza kuonekana limeelemea kulia, nawe utahangaika kulisogeza bila kujua sababu.

Kivuli usikichore. Rudufu leya ya herufi, badilisha namba 4 kuwa 5 kwenye nakala kwa `Edit > Replace Color` ukiwa na `Tolerance` 0, isogeze pikseli moja kulia na moja chini kwa vishale vya kibodi, kisha iweke chini ya leya nyeupe. Tumia vishale, usiburute kwa kipanya. Nafasi kati ya herufi ni pikseli moja, na kivuli kinaijaza sehemu kubwa yake. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye START pia, na ndicho kinachozifanya herufi zionekane zimeshikana bila kugusana.

OPTIONS ndiyo itakayokupa shida zaidi, kwa sababu nadhani unataka kuandika MIPANGILIO. Herufi kumi. I ya mchoraji ina vikono juu na chini, upana wa tatu. Ukiitumia hiyo, neno linafika 53, na kivuli 54, wakati uso ni 50. Kishawishi cha kwanza kitakuwa kuchagua neno lote na kulibana kidogo. Usifanye hivyo hata kwa pikseli nne. Kubana 54 kuwa 50 maana yake ni safu nne kutupwa, na programu haijui kama safu inayoitupa ni nafasi kati ya herufi au ni mguu wa N.

Fupisha herufi moja moja, ukianza na ile isiyopoteza chochote. I inaweza kuwa nguzo ya pikseli moja, na MIPANGILIO ina I tatu, kwa hiyo unaokoa pikseli sita mara moja: neno linakuwa 47, na kivuli 48. Limeingia, lakini limebaki na pikseli moja tu kila upande na linaonekana limesukumizwa. Punguza P na L ziwe na upana wa nne. L inastahili kupunguzwa hata bila shida ya nafasi, kwa sababu upande wake wa kulia juu ni mtupu na unaacha shimo kabla ya I. Sasa una 45, na kivuli 46, mbili kila upande. M na N ziache zilivyo: M ya pikseli nne haina mahali pa kuweka bonde lake la katikati. Herufi P, A, N, I na O unazo tayari kwenye picha. G ifanye kutokana na O kwa kufungua upande wa kulia na kuingiza ulimi katikati.

Ukiamua I iwe nguzo kwenye kitufe hiki, iwe nguzo kwenye kila kitufe cha menyu hiyo.

Kuhusu kuhifadhi, faili lazima libaki na vipimo vilevile vya 56 kwa 16, kwa sababu gemu hukata picha kwa kuhesabu pikseli. Kama vitufe vyote viko kwenye picha moja kubwa, usisogeze chochote na usiruhusu programu ikate pembezoni zilizo wazi. Hifadhi kama PNG, kisha linganisha ya zamani na mpya kwa Pillow, maktaba ya picha ya Python:

```
from PIL import Image
a = Image.open("start.png")
b = Image.open("anza.png")
print(a.mode, b.mode, a.size, b.size)
print(a.getpalette()[:18] == b.getpalette()[:18])
print(b.getcolors())
```

Mstari wa kwanza unatakiwa uonyeshe `P` mara mbili na vipimo sawa. Wa pili uwe `True`: maana yake namba 0 hadi 5 zina rangi zilezile kwa mpangilio uleule. Ukisoma `False`, paleti imesogezwa na gemu itakubadilishia rangi hata kama picha ni nzuri kwa macho. Wa tatu unaorodhesha idadi ya pikseli ikifuatiwa na namba ya rangi, na humo kuna ukaguzi ninaoupenda sana. A ina pikseli 18, N ina 17, Z ina 15. Jumla ya ANZA ni 68, na kwenye kitufe hiki nyeupe haitumiki mahali pengine. Tafuta `(68, 4)`. Ukikuta 69, kuna pikseli moja nyeupe iliyodondoka mahali ambapo hujaiona, mara nyingi pembeni ya fremu. Ukikuta namba ya rangi iliyo zaidi ya 5 kwenye orodha, kuna zana iliyoongeza rangi.

Ukaguzi huo ukipita na bado unaona ukungu ndani ya gemu, kosa si la picha tena, ni la namna gemu inavyoikuza. Kwenye Unity chagua picha, weka `Filter Mode` kuwa `Point (no filter)` na `Compression` kuwa `None`. Kwenye Godot weka kichujio cha picha kuwa `Nearest`. Kama gemu inaendeshwa ndani ya kivinjari, mara nyingi mstari mmoja wa CSS unatosha:

```
image-rendering: pixelated;
```

Mwambie rafiki yako pia akuze kwa namba kamili. Kitufe cha 56 kwa 16 kikikuzwa mara tatu kinakuwa 168 kwa 48 na kila pikseli inabaki mraba sawa na mwenzake. Kikikuzwa mara mbili na nusu, safu moja inapata upana wa mbili na ya jirani inapata tatu, kwa zamu. Kwenye ANZA huenda usione. Kwenye MIPANGILIO utaona: I tatu zimekaa kwenye safu ya 11, ya 36 na ya 43, kwa hiyo ile ya katikati itakuwa na unene tofauti na mbili nyingine, na hakuna marekebisho utakayofanya kwenye picha yatakayoliondoa hilo.